KIMYA NA KISHINDO
Namna ya kumtungia mtoto jina, siri na nguvu za shujaa wake wa picha

Ndugu wasomaji, jioni moja baada ya sala ya Alasiri, wanafunzi wetu walipokwisha kukunja mikeka na kwenda zao, kijana mmoja wa miaka kumi alibaki nyuma. Kijana huyu ana kigugumizi. Asomapo pamoja na wenzake kwa sauti moja ulimi wake huteleza kama maji, lakini aulizwapo peke yake hukwama katika herufi ya kwanza, na wenzake hucheka. Basi siku ile hakusema neno. Alitoa daftari lake mkobani, akalifungua mbele yetu, akatuonyesha mtu aliyemchora kwa kalamu ya risasi: mabega mapana, joho mgongoni, na ngumi mbili kubwa kuliko kichwa. Chini yake aliandika: "Mwalimu, nipe jina lake na nguvu zake."

Twakiri kwamba tuliona ni jambo jepesi. Tukamwambia papo hapo, "Mwite Simba wa Chuma, naye ana nguvu za watu mia." Kijana alitazama chini kwa adabu, akafunga daftari, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake tulimwuliza kama jina lilimfaa. Akatikisa kichwa kuwa la. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tumempa mtoto kanzu bila ya kumpima mabega. Tukaazimu kujifunza jambo hili kama tujifunzavyo jambo jingine lolote, na haya tuyaandikayo ni matunda ya kujifunza kwetu, maana wazazi wengi huulizwa swali hilo hilo nyumbani.

NGUVU HUTOKA KATIKA UPUNGUFU

Hadithi hizi za picha za mashujaa zilipata umbo lake la leo huko Amerika katika mwaka 1938, pale vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walipotoa hadithi ya Superman. Tangu hapo wametungwa mashujaa wasio na idadi, na wengi wamesahauliwa. Tulipowachungua wale waliobaki, tuliona jambo moja: nguvu ya shujaa haikuokotwa njiani. Hujibu upungufu au haja aliyo nayo mtu yule kabla hajawa shujaa.

Mfano ulio karibu nasi Waislamu ni ule wa Kamala Khan. Huyu ni binti Mwislamu katika hadithi, wazazi wake wametoka Pakistani wakakaa Jersey City, na kitabu chake mwenyewe kilianza kutoka mwaka 2014, mwandishi wake akiwa bibi aliyesilimu, G. Willow Wilson. Binti huyo hajui afanane na nani: nyumbani aona mila za wazee wake, shuleni aona mila nyingine, na kila upande wamtaka awe kama wao. Sasa alipewa nguvu gani? Alipewa nguvu ya kubadili umbo la mwili wake, kurefuka, kufupika, hata kuchukua sura ya mtu mwingine. Na mara ya kwanza alipoipata, bila ya kutaka aligeuka akawa na sura ya shujaa wa kizungu aliyekuwa akimhusudu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Ikambidi ajifunze kuwa shujaa hali ya kuwa ni yeye mwenyewe. Hebu ondoa nguvu hiyo umpe ya kutoa moto mkononi: hadithi yote yaanguka, kwa sababu moto haumhusu.

Basi swali la kwanza kumwuliza mtoto si "Shujaa wako aweza nini?" Swali ni hili: "Kabla hajawa shujaa, ni jambo gani asiloliweza, au wapi hudharauliwa?" Tulimwuliza kijana wetu swali hilo, tukampa karatasi ili asishurutishwe kusema. Alikaa kitambo, kisha akaandika maneno mawili tu: "Hasemi upesi."

NGUVU ISIYO NA MPAKA HUUA HADITHI

Tulipopekua daftari lake tuliona pia kwa nini hadithi yake ya kwanza ilikufa katika ukurasa wa tatu. Alikuwa amempa shujaa nguvu saba: kuruka angani, moto wa macho, kutoonekana, na nyinginezo. Adui alitokea ukurasa wa pili, akapigwa mara moja, na ukurasa wa tatu hapakuwa na la kuchora. Hii ndiyo alama ya kujua kwamba nguvu zimezidi: adui hadumu, na mtoto huacha daftari, si kwa uvivu, ila kwa kuwa hakuna lililobaki.

Hata hao waliotangulia lilwapata jambo hili. Superman wa mwaka 1938 hakuwa akiruka angani. Alikuwa akichupa tu, mchupo mmoja kama mita mia mbili. Kadiri miaka ilivyopita akaongezewa hiki na kile, hata hapakuwa na kitu cha kumtisha. Ndipo likatungwa jiwe liitwalo kriptonaiti, ambalo likimkaribia humnyong'onyesha. Lilisikika kwanza katika mchezo wake wa redio mwaka 1943, na likaingia katika vitabu vya picha mwaka 1949. Aliyejenga nyumba bila ya mlango hulazimika kuja kutoboa ukuta baadaye. Ni heri mlango uwekwe mapema.

Kwa hiyo tulikubaliana na kijana kwamba shujaa wake atakuwa na nguvu moja, nayo itokane na yale maneno mawili aliyoyaandika. Mtu asiyesema upesi hubakiwa na maneno mengi kifuani. Maneno hayo huenda wapi? Tulipomwuliza hivyo, macho yake yaling'aa. Akachora mtu mdogo, na ndani ya kifua chake akachora punje nyingi kama za mtama. Kila neno ambalo mtu huyu alitaka kulisema akalimeza, huwa punje moja. Na punje zikitosha, aweza kuzitoa kwa pamoja kwa sauti moja kubwa, na sauti hiyo husukuma vitu.

Kisha tukaandika sheria, maana nguvu isiyo na sheria ni kama ile ya kwanza. Sheria ya kwanza: kunyamaza tu hakuongezi punje. Lazima neno liwe limefika ulimini likamezwa. Kama si hivyo, angelala usingizi akaamka na ghala zima. Ya pili: punje kumi hufungua mlango uliokwama, ishirini husukuma dau lililopanda mchangani. Ya tatu: zikitoka zimetoka, na huanza tena na kifua kitupu. Kijana akapata fikira nzuri kuliko zetu: chini ya kila mraba wa picha atachora punje zilizopo, ili msomaji azihesabu mwenyewe na kuingiwa na hofu zinapopungua.

LAKABU

Sasa tukafika penye jina. Lakabu ya shujaa ina kazi tatu. Iseme nguvu yake bila ya kuieleza. Iwe fupi, ipate kuenea katika kile kiputo cha maneno na mtu aweze kuipaza akiwa mbioni. Na isilingane na jina la shujaa wa mtu mwingine. Simba wa Chuma ilianguka katika kazi ya kwanza: hapakuwa na simba wala chuma katika hadithi ile. Ilikuwa sauti tu.

Watungaji wa Amerika walikuwa na hila nyingine, ya kulinganisha herufi za mwanzo: Peter Parker, Bruce Banner, Reed Richards. Stan Lee, aliyekuwa mmoja wa watungaji wa majina hayo, alisema kwamba alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa msahaulifu. Akikumbuka jina moja, la pili humjia. Hata hivyo alisahau, akamwandika Bruce Banner kwa jina la Bob, na ili kuliziba kosa ikasemwa kwamba jina lake kamili ni Robert Bruce Banner. Funzo lake kwa mtoto ni kwamba majina yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya picha.

Sisi hatuna haja ya kuazima herufi za wageni, maana lugha yetu ina ngeli, na ngeli zenyewe hulinganisha. Tulimkumbusha kijana methali ya wazee isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo. Akaicheka kwa furaha, kwani alikuwa akiijua siku zote bila ya kujua kwamba ni yake. Akaandika juu ya ukurasa: mchana watoto humwita Kimya, usiku ni Kishindo. Majina mawili, mwanzo mmoja, na moja ni kinyume cha jingine. Hatukuongeza neno.

Twapenda hapa kuwatahadharisha wazazi jambo moja. Katika mwaka 2006 Dokta Naif Al-Mutawa wa Kuwait alitoa hadithi za picha ziitwazo The 99, ambamo vijana wa nchi mbalimbali hupata vito vyenye hekima iliyookolewa katika maktaba ya Baghdadi ilipovunjwa mwaka 1258, na kila mmoja ana jina lililotokana na sifa katika yale majina tisini na tisa. Nia yake ilikuwa kuwapa watoto mashujaa wa kwao, lakini wako wanazuoni walioipinga kwa ajili ya majina yale. Nyumbani kwetu ni rahisi kuepuka shaka: tusimpe shujaa jina lililo la Mwenyezi Mungu peke yake, wala nguvu ya kuhuisha wafu au kujua ghaibu. Ama hukumu ya kuchora vyenye roho, wanazuoni wamekhitilafiana, na kila nyumba ifuate inayemwamini. Sisi tulikumbuka vibandia vya Bibi Aisha alipokuwa mdogo, tukamwachia mtoto daftari lake.

SIRI LAZIMA IWE NA SABABU

Wengi humficha shujaa kwa kuwa mashujaa wote hufichwa. Hiyo si sababu. Tazama Superman: mchana ni Clark Kent, mwandishi wa gazeti, mwenye miwani na haya. Kazi ile ilichaguliwa kwa akili, maana habari za msiba hufika gazetini kabla ya kufika sokoni, naye aweza kutoka kwenda mbio bila ya kuulizwa. Basi maisha ya mchana yamsaidie shujaa, na papo hapo yamtie taabu.

Tulimwuliza kijana: "Je, watu wakijua kwamba Kimya ndiye Kishindo, patatokea nini?" Akaandika kwamba wataacha kumcheka. Tukasema, "Hilo si jambo jema?" Akafikiri sana, kisha akaandika: "Wataacha kwa kuogopa. Tena hatakuwa na maneno ya kumeza." Tulistaajabu, kwa kuwa hilo hatukulifikiria. Siri yake haikutundikwa juu ya nguvu kama pambo. Siri ikivunjika, ghala hukauka.

Mtu mmoja tu ndiye ajuaye, naye ni bibi yake, auzaye vitumbua barazani. Tulitaka kujua kwa nini bibi. Jibu lake lilituchekesha: bibi ni mzito wa masikio, kwa hiyo kishindo hakimwumizi.

Lilibaki vazi. Mtoto hupenda kuchora minyororo, mistari na nyota, akisahau kwamba kurasa mbili zenye miraba sita kila mmoja ni kumchora mtu yule mara kumi na mbili. Tulimwekea mpaka wa vitu vitatu: barakoa ya macho, kitambaa cha bibi mabegani kuwa joho, na alama kifuani ya mistari mitatu iliyopinda kama mawimbi. Kisha tukafanya jaribio ambalo wachoraji hulitumia. Mpake mtu wino mweusi mwili mzima, uone kama bado atambulikana. Kishindo alitambulikana kwa joho, lakini Kimya alifanana na kila mtoto wa chuoni. Kijana akampa kofia iliyoinamia sikio la kushoto, na Kishindo naye akaivaa vivyo hivyo. Kwa hiyo msomaji aliye mwangalifu ajua, lakini watu wa mji ule hawajui.

HADITHI YENYEWE

Baada ya siku nane alituletea kurasa mbili. Twawasimulia kama zilivyo.

Asubuhi Kimya ana punje tisa. Sokoni adaiwa pesa zaidi ya haki yake, ameza maneno matano. Njiani watoto wamwiga, ameza manne. Punje ni kumi na nane. Adhuhuri yafika habari kwamba dau la wavuvi limepanda fungu la mchanga, maji yanapwa, na mawimbi yalipiga ubavuni. Msomaji akumbuka sheria: dau lahitaji punje ishirini. Zimepungua mbili.

Wakati huo huo Kimya yu chuoni. Chaki zimepotea. Mwalimu asimama mbele yake, kidole kimenyooka, amwuliza kama ndiye aliyeziiba. Katika mraba ule kijana alichora kinywa cha Kimya kikiwa wazi, na juu yake kiputo chenye maneno mawili kwa mwandiko hafifu: "Si mimi." Katika mraba unaofuata kinywa kimefungwa, na chini zimeandikwa punje mbili mpya. Ishirini kamili. Kimya apigwa bakora mbili, atoka, avaa barakoa nyuma ya mbuyu, na mraba wa mwisho wa ukurasa ni neno moja kubwa kutoka pembe hata pembe: GUUUM! Kisha chubwi, dau majini.

Tuliisoma tukaifurahia. Tukasifu namna alivyozihesabu punje. Kisha tukaurudia ule mraba wa mwalimu, tukauangalia vizuri. Ndevu zake zilikuwa fupi na mvi upande mmoja. Koti lake lilikuwa na kitufe kimoja kilichokosekana. Koti hilo tulikuwa tumelivaa.

Ndugu wasomaji, miezi miwili kabla ya hapo chaki zilipotea chuoni kwetu. Tulimwuliza kijana huyu, naye akafungua kinywa, akakwama. Tulikuwa na haraka. Tukachukua kunyamaza kwake kuwa ni kukiri, tukamwadhibu. Baada ya siku tatu chaki zilionekana nyuma ya sanduku la misahafu, nasi hatukumwambia kitu, kwa kuona kwamba jambo limekwisha pita. Sisi ndio tuwasomeshao watoto kila mwaka kisa cha Nabii Musa alipomwomba Mola wake aufungue ulimi wake uliofungwa, na hatukumkumbuka aliyekaa mbele yetu.

Siku ile tulimwomba radhi. Kisha tukamwuliza lile swali upya, kama lilivyopasa kuulizwa: "Mwanangu, wewe ndiye uliyezichukua chaki?" Tulikaa kimya, hatukumkamilishia neno wala hatukutazama pembeni. Ilichukua muda. Herufi ya kwanza ilirudi mara nyingi. Mwisho akasema yote mawili.

Alipolichukua daftari lake tulimwuliza kama ataubadili mraba ule. Akatikisa kichwa kuwa la, kwa sababu zile punje mbili zahitajika, na bila yake dau halitoki. Twaona amesema kweli. Lakini alichukua kalamu, na katika ukurasa mpya akaanza kumchora mwalimu yule yule ameketi mkekani, na mbele yake kiputo kitupu, kikubwa, kinachongoja.

Wallahu aalam.